Jumatano kwa herufi kubwa, masika kwa ndogo

*Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe. Kila nikiandika barua pepe, mwenyekiti ananirudishia: mara "jumatano" iwe na herufi kubwa, mara "Masika" iwe na ndogo, mara "kusini" ipandishwe hapa na kushushwa pale. Na lugha yetu, niandike kiswahili, Kiswahili au kiSwahili? Kuna kanuni moja ya kushika?*

Ndugu katibu, mwenyekiti wako hajipingi. Anashika kanuni moja, ila hajakutajia: jina la pekee huanza kwa herufi kubwa, na neno la kueleza hali au upande hubaki na herufi ndogo. Siku, miezi, lugha na mataifa vyote vina majina. Masika na kipupwe ni hali ya hewa inayokuja na kuondoka, na kusini ni upande tu, unaobadilika kulingana na pale uliposimama. Kazi inakuwa ngumu pale neno moja linapofanya kazi zote mbili.

Tuanze na siku, maana ndizo zinazokosewa zaidi. Sababu ya kukosea inaeleweka. Ndani ya Jumanne tunasikia "nne", ndani ya Jumatano tunasikia "tano", na mwandishi anahisi kwamba anahesabu, kama anavyohesabu katika "mwezi wa nne" au "nyumba ya tano". Zamani hesabu hiyo ilikuwa hai: juma lilianza Jumamosi, siku ya kwanza, na Jumanne ikawa ya nne. Leo ofisi nyingi huanza kazi Jumatatu, Jumanne ikawa siku ya pili ya kazi, na hakuna anayechanganyikiwa. Namba iliyomo haihesabu tena kitu, imebaki kuwa sehemu ya jina. Ndiyo maana tunaandika Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwa herufi kubwa hata zikiwa katikati ya sentensi.

Juma lenyewe, likiwa na maana ya wiki, ni neno la kawaida kama siku au mwaka. Andika "tutakutana juma lijalo". Ukiandika "tutakutana Juma lijalo", msomaji ataanza kumtafuta mtu anayeitwa Juma.

Miezi inafuata njia hiyohiyo, na hapa tofauti ya jina na hesabu inaonekana waziwazi. Ukiandika Agosti umetaja jina, kwa hiyo A ni kubwa. Ukiandika "mwezi wa nane" umehesabu, kwa hiyo yote ni ndogo. Neno "mwezi" likitangulia jina halipandi: "mwezi wa Agosti", "mwishoni mwa mwezi Machi". Sikukuu nazo ni majina. Nane Nane ni jina la sikukuu ya wakulima, hivyo huandikwa kwa herufi kubwa zote mbili, lakini "tarehe nane mwezi wa nane" ni hesabu tupu, ingawa siku ni ileile.

Sasa lugha na watu. Jibu la swali lako ni Kiswahili, K kubwa na s ndogo. Umbo la kiSwahili huwavutia wengi kwa sababu mzizi ndio unaoonekana kuwa jina, na zipo lugha za Kibantu zinazoandika hivyo. Kizulu kwa mfano hujiandika isiZulu. Kiswahili sanifu kinachukua neno zima kama lilivyo, pamoja na kiambishi chake, na kukuza herufi ya kwanza tu. Kwa hiyo Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena, Kikinga. Kwa hiyo pia Mtanzania, Watanzania, Utanzania, na hata linapokuwa sifa ya kitu kingine: kampuni ya Kiholanzi, trekta la Kihindi, chai ya Kitanzania. Neno linalotangulia halipandi kwa sababu ya jirani yake. "Lugha ya Kihehe" ina l ndogo, na "raia wa Malawi" ina r ndogo kwa kuwa jina hapo ni Malawi.

Tatizo ni kwamba viambishi hivyo, ki-, m-, wa- na u-, havikutengewa lugha na mataifa peke yake. Kuna kitaalamu, kitaifa, kigeni, mkulima, wageni, utaifa. Ukishikwa na shaka, ondoa kiambishi na utazame kinachobaki. Kihehe kinabakiza Hehe, jina la watu. Mkenya anabakiza Kenya, jina la nchi. Kigeni kinabakiza "geni", na hakuna nchi iitwayo Geni, basi andika "lugha ya kigeni" kwa herufi ndogo. Hivyo hivyo "lugha ya taifa", "mavazi ya kienyeji", "mtaalamu wa kigeni".

Mfano mzuri kwa watu wa mahindi kama wa nyanda zetu ni huu. Mhindi ni mtu wa India. Mhindi wa shambani, ule mmea mmoja unaopaliliwa na kuwekewa mbolea, ni "mhindi". Sentensi "kila mhindi upewe kifuniko kimoja cha mbolea" ikienda na M kubwa inakuwa ya ajabu, na simu yako haitagundua kosa kwa sababu maneno yote mawili ni sahihi.

Majira ndiyo yanayohitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa watu wa Mbeya na Iringa huyatumia kama tarehe. Tunasema "malipo yatatoka masika", na mtu akisikia hivyo anaona kama ametajiwa mwezi, kisha anaandika Masika ili lifanane na Machi. Lakini Machi ina mwanzo na mwisho unaojulikana duniani kote: inaanza tarehe 1 na kuisha tarehe 31. Masika hayana tarehe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inagawa nchi katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na maeneo yenye msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili. Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa zimo katika kundi hili la pili. Kwa hiyo mkulima wa Tukuyu akisema "masika" anaweza kuwa anafikiria mvua za Januari, na mnunuzi wa Nairobi akilisoma neno hilo atafikiria Aprili.

Hapo herufi ndogo inasema kweli: neno hili linataja hali, halitaji kipindi kimoja kinachojulikana na wote. Andika masika, vuli, kiangazi, kipupwe, kusi na kaskazi kwa herufi ndogo. Kisha, kama barua inakwenda kwa mtu wa mbali, weka majina ya miezi pembeni: "barabara haipitiki wakati wa mvua, yaani Novemba hadi Aprili", au "tutavuna katika kipupwe, Juni hadi Agosti". Majira yanabaki na herufi ndogo, miezi inabaki na kubwa, na msomaji hapotei.

Kusi na kaskazi ni pepo, na kwa watu wa pwani ni majira pia. Zisichanganywe na kusini na kaskazini, ingawa zote zinaanza kwa herufi ndogo.

Tumefika kwenye pande, na hapa nadhani ndipo mwenyekiti wako alipokuchosha zaidi. Kaskazini, kusini, mashariki na magharibi huandikwa kwa herufi ndogo zikionyesha upande: "Kyela iko kusini mwa Tukuyu", "Iringa iko kaskazini-mashariki mwa Mbeya", "upepo unatoka mashariki". Ukihama, upande unahama. Tukuyu iko kusini kwa mtu aliyesimama jijini Mbeya, lakini kwa mtu aliyesimama Kyela iko kaskazini. Kitu kinachogeuka hivyo hakiwezi kuwa jina.

Lakini upande ukiwa umeingia ndani ya jina la mahali, unapanda pamoja na jina lote. Afrika Kusini ni nchi, na inabaki Afrika Kusini hata kwa mtu aliyesimama Cape Town. Ukiondoa "Kusini" unabaki na bara zima. Hivyo hivyo Sudan Kusini, Afrika Mashariki, na Nyanda za Juu Kusini. Katika jina hili la mwisho kila neno linapanda isipokuwa "za", kwa sababu maneno madogo ya kuunganisha hubaki chini ndani ya majina. Ukiandika "viazi hustawi katika maeneo ya nyanda za juu", bila kutaja kanda yetu kwa jina, herufi zote ni ndogo.

Alama inayosaidia sana ni neno "mwa". Mara nyingi upande ukifuatwa na "mwa", ni maelezo, wala si jina. Linganisha "mashariki mwa Afrika", ambayo ni sehemu yoyote ya upande huo wa bara, na "Afrika Mashariki", ambayo ni jina. Linganisha "kusini mwa Afrika", ambako Malawi na Zambia zimo, na "Afrika Kusini", nchi moja. Katika barua ya biashara tofauti hiyo inabeba fedha, kwa sababu shehena ya "kusini mwa Afrika" na shehena ya "Afrika Kusini" haziendi lazima mahali pamoja. Alama hii ina mpaka wake: Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ina "mwa", lakini maneno hayo yamo ndani ya jina rasmi la jumuiya, kwa hiyo K ni kubwa. Likishakuwa jina la taasisi, fuata jinsi taasisi inavyojiandika.

Tuyaweke yote katika barua moja inayofanana na zile ambazo ushirika hutuma.

> Mada: mkutano wa wakulima jumatano
>
> Ndugu Wakulima,
>
> Mnunuzi wetu atafika Tukuyu baada ya nane nane, jumanne tarehe 11 agosti, na mkutano utafanyika jumatano saa 3 asubuhi. Yeye ni mkenya na anazungumza kiswahili na kiingereza. Mwenzake anatoka afrika kusini, kwa hiyo maneno yake yatafasiriwa kwa kiSwahili na Kinyakyusa. Shamba la kwanza tutakalotembelea liko Kusini mwa Tukuyu. Tumechagua Kipupwe kwa sababu wakati wa Masika barabara ya huko haipitiki. Ratiba kamili itatumwa Juma lijalo.

Pitia kwa kuuliza kila mahali: hili ni jina? Nane Nane ni jina la sikukuu, linapanda. Jumanne, Agosti na Jumatano yanapanda. Mkenya anapanda kwa kuwa ndani yake imo Kenya. Kiswahili na Kiingereza yanapanda, na ile S kubwa ya katikati katika "kiSwahili" inashuka. Kinyakyusa kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Afrika Kusini ni nchi, maneno yote mawili yanapanda. "Kusini mwa Tukuyu" ni upande, unashuka. Kipupwe na masika ni majira, yanashuka. Juma hapa ni wiki, linashuka. Neno "mkutano" linalofungua mada linapanda kwa sababu ndilo mwanzo wa mada.

> Mada: Mkutano wa wakulima Jumatano
>
> Ndugu Wakulima,
>
> Mnunuzi wetu atafika Tukuyu baada ya Nane Nane, Jumanne tarehe 11 Agosti, na mkutano utafanyika Jumatano saa 3 asubuhi. Yeye ni Mkenya na anazungumza Kiswahili na Kiingereza. Mwenzake anatoka Afrika Kusini, kwa hiyo maneno yake yatafasiriwa kwa Kiswahili na Kinyakyusa. Shamba la kwanza tutakalotembelea liko kusini mwa Tukuyu. Tumechagua kipupwe kwa sababu wakati wa masika barabara ya huko haipitiki. Ratiba kamili itatumwa juma lijalo.

Ona kwamba katika mada neno "wakulima" limebaki na herufi ndogo. Mada ya barua pepe iandikwe kama sentensi ya kawaida: neno la kwanza na majina tu ndiyo yanayopanda. Wapo wanaohamisha mtindo wa barua za ofisi, ule wa YAH: MWALIKO WA MKUTANO, na kuuweka kwenye mada. Mtindo huo unafaa katika barua rasmi utakayoambatisha. Kwenye mada unaficha tofauti zote tulizozijadili, kwa sababu kusini na Kusini zinakuwa kitu kimoja, na msomaji wa simu anaona kelele tu.

Kama unaandikiana na watu wa Lubumbashi au wengine waliosoma kwa Kifaransa, usishangae wakikuletea siku, miezi na lugha kwa herufi ndogo. Kifaransa huandika hivyo, na mazoea yale huingia katika Kiswahili chao. Usinakili barua yao bila kuirekebisha.

Sasa simu yenyewe. Kibodi hupandisha herufi baada ya nukta na mwanzoni mwa mstari, kwa kuwa inadhani sentensi mpya imeanza. Ukiandika "k.m. viazi", huenda ikakupa "k.m. Viazi". Haijui kwamba nukta ile ni ya ufupisho. Njia rahisi ni kuepuka vifupisho vya nukta: andika "kwa mfano" na "tarehe" kwa ukamilifu. Kibodi iliyowekwa Kiingereza haiijui Jumatano kama siku, kwa hiyo haitakupandishia. Tena kibodi hujifunza: ukiwa umeandika "jumatano" kwa herufi ndogo mara nyingi, itaendelea kukupendekezea hivyo.

Kwa wanaotumia Gboard, yaani kibodi ya Google, fungua mipangilio yake, ingia Languages, na uongeze Swahili. Kisha ingia Dictionary, halafu Personal dictionary, na uandike siku 7 na miezi 12, kila moja kwa herufi kubwa. Maneno hayo 19 yanachukua dakika chache, na unaweza kuyapa vifupi, kwa mfano jtn kwa Jumatano. Pendekezo la zamani lenye herufi ndogo linaondolewa kwa kulibonyeza na kulishikilia, kisha kulivuta hadi kwenye alama ya kutupa.

Kama barua ni ndefu na unaiandika kwanza kwenye Word, bonyeza Ctrl+H, fungua More, kisha weka alama kwenye Match case na Find whole words only kabla ya kubadilisha chochote. Zote mbili zinahitajika. Bila Find whole words only, ukiagiza "mei" iwe "Mei", Word itaingia ndani ya "imeisha" na kukupa "iMeisha", na "machi" itaharibu "machinjio" na "machimbo". Bila Match case, ukitaka kushusha "Kusini" iwe "kusini", Word itafuata ukubwa wa herufi ilioukuta na kukurudishia K ileile kubwa, na utadhani programu imekataa kufanya kazi.

Kwa siku na miezi unaweza kubonyeza Replace All ukiwa umeweka alama hizo mbili. Kwa pande usifanye hivyo. Tumia Find Next, soma kila mahali ilipoishia, kisha amua, kwa sababu barua moja inaweza kuwa na "kusini mwa Rungwe" na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika katika aya ileile, na ya pili lazima ibaki na K yake kubwa.